Mnyama wa Nane

Mdogo wangu Fabiani ni mtu wa salamu. Akinipigia simu kutoka kijijini kwetu, karibu na Usevya, ataniuliza habari za kazi, za watoto, za mvua ya Mpanda mjini, hata za jirani yangu ambaye hajawahi kumwona, ndipo aseme analotaka. Kwa hiyo siku aliponitumia picha kwenye WhatsApp bila hata neno "shikamoo dada", nilidhani kakosea namba.

Ilikuwa picha ya karatasi, imepigwa kwa juu juu, kivuli cha simu kimeifunika nusu. Mtu mwenye mwandiko mzuri alikuwa ameandika swali: kila pakiti ya sabuni ya unga ina picha moja ya mnyama ndani yake. Wanyama ni wanane, na kila mmoja ana nafasi sawa ya kutokea. Je, mtu atarajie kununua pakiti ngapi ili awapate wote wanane?

Nafundisha hisabati kidato cha tano na cha sita, na sisi watu wa namna hii tuna ugonjwa mmoja: tukiona swali hatuwezi kulipita. Nilijua Fabiani hana mtoto wa sekondari. Nilijua pia kwamba yeye mwenyewe aliachana na hesabu tangu darasa la saba, na waliachana kwa ubaya. Lakini swali lilikuwa tamu, nami nilikuwa nimechoka kusahihisha madaftari ya watu wasiojua kujumlisha sehemu. Nikachukua karatasi safi.

Pakiti ya kwanza haina shida, mnyama yeyote utakayemkuta ni mpya kwako. Ya pili, nafasi ya kupata mpya ni saba kwa nane, kwa hiyo kwa wastani utanunua nane gawanya kwa saba, yaani moja na chembe. Halafu nane kwa sita, nane kwa tano, unashuka hivyo hivyo. Mnyama wa saba atakula pakiti nne. Na wa nane, wa mwisho, peke yake atakula nane. Ukijumlisha zote unapata ishirini na moja nukta saba nne. Nikaandika kwa herufi kubwa: PAKITI 22, na nikapigia mstari.

Chini ya mstari nikaongeza maneno mawili matatu, maana nawajua watu. Niliandika kwamba huo ni wastani tu, wapo watakaomaliza kwa kumi na tano na wapo watakaofika arobaini bila kumaliza. Nikaandika pia kwamba hesabu yote inasimama kama kweli wanyama wote wana nafasi sawa, na kama sivyo, itupe. Nikapiga picha, nikamtumia. Akajibu, "Ubarikiwe dada." Sikufikiria tena jambo hilo mpaka wifi yangu Agatha aliponipigia, mawingu ya masika yakiwa yameshaanza kujikusanya.

Agatha hana kawaida ya kulia. Siku hiyo alikuwa analia kwa sauti ya chini, ya mtu anayejificha ndani kwake.

"Wifi, njoo. Mdogo wako anamaliza mbegu."

"Anazimaliza vipi? Anakula?"

"Angekula si ningeshukuru! Anapeleka kwa yule bwana wa sabuni. Ndoo moja ya sado imejaa mpunga, pakiti moja. Anatafuta wanyama. Kabakisha mmoja, na ghala limebaki gunia moja tu. Hilo likienda hatupandi mwaka huu wifi, hatupandi kabisa."

Nikamuuliza bwana wa sabuni ndiye nani. Akaniambia anaitwa Zefania, kaja na gari dogo la mizigo, kapanga chumba pale senta penye maduka. Mwenye kukusanya wanyama wote wanane anapewa pampu ya maji, mpya, ya petroli. Pampu yenyewe ipo barazani, imefungwa utepe mwekundu, watoto wanaenda kuishikashika. Kisha akaongeza jambo.

"Watu wote wanapeleka. Wanasema mwalimu Theopista wa Mpanda ndo kathibitisha."

Mwalimu Theopista wa Mpanda ni mimi.

Jumamosi nikapanda gari la asubuhi. Pale daraja la Sitalike viboko walikuwa wamebanana kwenye tope la Mto Katuma, wamelaliana, wanatoa harufu ambayo mtu wa kwetu haihitaji kuelezwa. Nyumbani nilikuta Fabiani kakaa mbele ya nyumba na picha zake kazipanga kwenye kigoda: tembo, simba, twiga, nyati, pundamilia, chui, mamba. Sabuni ilikuwa imejaa kona nzima ya sebule. Ukoo mzima ungeweza kufua mpaka Pasaka ya mwaka kesho.

"Aliyebaki nani?" nikamuuliza.

"Kiboko."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Huku kwetu kiboko humtafuti, yeye ndiye anayekutafuta kwenye mpunga wako usiku. Fabiani hakucheka.

"Usinicheke dada. Wewe ulisema ishirini na mbili, mimi nimeshafika ishirini na sita. Si unaona? Sasa ndo namkaribia kabisa. Hawezi kukosa tena."

Hapo nikaelewa kosa lake, na ni kosa ambalo mkulima mzuri ndiye angelifanya. Bwana shamba akimwambia ekari moja inakula kilo kadhaa za mbegu, anatia kilo hizo na shamba linajaa. Kumi na nane hazitoshi, ishirini na mbili zinatosha, na ukizidisha umejihakikishia. Namba yangu ameipokea hivyo hivyo, kama kipimo cha kujaza shamba. Wanaume wa pale wote walikuwa wameipokea hivyo.

"Humkaribii," nikamwambia. "Pakiti haikujui Fabiani. Haijui kwamba umenunua ishirini na sita. Hata kama jamaa ni mkweli, ukibakisha mnyama mmoja wastani wako ni pakiti nane zaidi. Ukikosa leo, kesho bado ni nane. Ukikosa na kesho, bado nane. Hazipungui."

Alinitazama kama ninamtukana. "Kwa hiyo hizo nilizotoa zimeenda bure?"

"Umepata wanyama saba nazo, na sabuni. Kwa kiboko hazijakusogeza hata hatua."

"Dada, wewe umesoma. Lakini huo si ubinadamu."

Katika hilo alikuwa sahihi. Nikatoka nikaenda senta kumwona huyo Zefania mwenyewe.

Alikuwa mtu wa makamo, shati limepigwa pasi, sauti laini ya katekista. Alinyanyuka, akanipa kiti chake. Juu ya meza, ndani ya plastiki ngumu, ilikuwepo ile picha ya mwandiko wangu, imechapwa. Nane kwa nane, nane kwa saba, mpaka nane kwa moja. PAKITI 22, na mstari chini yake. Na chini ya mstari, hakuna kitu. Picha ilikuwa imekatwa pale pale, safi kabisa, kana kwamba mtu kakata kwa makusudi.

"Mwalimu wangu," alisema, "mimi nilimwomba tu kijana Fabiani aniulizie kwa dada yake msomi. Nilitaka watu wajue sidanganyi. Umetusaidia sana."

"Maneno yangu ya chini yako wapi?"

"Yapi hayo?"

Alitabasamu. Nimefundisha wahuni wengi wa kidato cha tano na sikuwahi kumwogopa mtu kwa sababu anatabasamu. Huyu nilimwogopa. Alikuwa amejua swali la kuuliza, na alikuwa amejua jibu kabla yangu. Alichokosa ni jina la mtu wa kijijini pale la kuweka chini ya jibu.

Kesho yake baada ya misa nilimwomba Agatha aite wanawake. Nilisema kila nyumba ilete picha zake zote, hata za kurudiarudia, hata zile watoto walizozichezea. Walikuja wengi, kwa sababu nyumba nyingi zilikuwa na wasiwasi na zilikuwa zinasubiri mtu mmoja aanze. Tulitandika mkeka uani kwa Agatha, tukagawa: tembo huku, simba kule. Mtu mmoja aliyekuja na picha kumi na tisa, mama mmoja mjane aitwaye Sikujua, alizimwaga zote akabaki ameshika kitambaa kitupu.

Tulipomaliza yalikuwepo marundo saba. Lenye picha chache lilikuwa la chui, thelathini na kitu, na lililozidi lilikuwa la nyati, arobaini na kitu. Kwa jumla karibu picha mia tatu. Pembeni ya mamba nilikuwa nimeacha nafasi ya kiboko. Pale palikuwa na mkeka tu.

"Tazameni," nikasema. "Kama kiboko angekuwa na nafasi sawa na wenzake, rundo lake lingekuwa hapa na lingelingana na haya. Mtu mmoja akimkosa, ni bahati mbaya. Kijiji kizima kikimkosa kwenye pakiti mia tatu, hayumo. Na kama hayumo, hakuna ishirini na mbili, hakuna arobaini. Hakuna namba kabisa. Mtapeleka mpaka mfagie ghala."

Hawakuhitaji hesabu, waliona mkeka. Mzee Optatus, jirani wa Fabiani mwenye shamba kubwa kuliko sisi wote, aliyekuwa amesimama mlangoni akijifanya anapita tu, alivua kofia akasema, "Huyu bwana tumwendee." Fabiani alikuwa nyuma yake. Alitazama ile nafasi tupu kwa muda mrefu, na niliona mabega yake yameshuka. Nilifurahi. Nasema wazi, nilifurahi sana, nikajiona nimeliokoa gunia.

Tulikwenda senta wote pamoja, wanawake na wanaume, na marundo yetu kwenye ungo. Zefania alitusikiliza mpaka mwisho. Hakupandisha sauti, hakukatisha mtu. Nilipomaliza kueleza alitikisa kichwa kwa heshima.

"Mwalimu anaogopa kwamba kiboko hayumo. Ni haki yake. Basi tufanye hivi, tumalize maneno." Akaingia chumbani akatoka na katoni iliyofungwa kwa gundi ya karatasi, akaiweka mezani. "Katoni moja ni pakiti thelathini. Sado thelathini ni debe sita, gunia moja. Mtu mmoja aichukue yote, afungue hapa hapa mbele yenu. Kiboko asipokuwemo, namrudishia gunia lake, namrudishia na mpunga wake wote wa nyuma, na pampu anabeba. Nyie wote ni mashahidi."

Nilikuwa nimekwisha kuona mwisho wake. Nilikuwa nimemwambia mtu mbele ya kijiji kizima kwamba kiboko hayumo. Alichohitaji ili kunizima kilikuwa kiboko mmoja.

"Fabiani, usifanye," nikasema.

"Dada, nakosa nini? Asipokuwemo narudishiwa vyote. Akiwemo nachukua pampu. Wewe mwenye hesabu niambie, nakosa nini?"

"Gunia! Akiwemo unakosa gunia! Utapanda nini?"

"Pampu inanunua magunia," alisema mtu nyuma, na watu wakacheka kwa hamu. Hamu yao niliisikia ikipanda pale pale, baada ya dakika chache tu tangu mkeka uwaonyeshe ukweli.

Agatha alitutangulia nyumbani akasimama mlangoni mwa ghala, mikono kaishika kwenye fremu. Nililiona hilo kwa macho yangu, kwa sababu nilimfuata Fabiani mpaka nyumbani nikimvuta shati kama mtoto. Hakumpiga wala hakumsukuma mkewe. Alimwambia tu, "Mama Emelyne, nitakuwa mjinga mara ya mwisho." Agatha akamtazama, akanitazama mimi, halafu akaiachia ile fremu. Sijui alitegemea niseme nini. Nilikuwa nimekwisha kusema yote niliyoyajua.

Gunia likapelekwa kwa baiskeli. Zefania akalipima debe kwa debe, kwa uaminifu, hata akapangusa juu kwa mkono zisizidi. Kisha Fabiani akaanza kufungua pakiti. Tembo. Twiga. Twiga. Mamba. Kila picha watu waliitaja kwa pamoja, kama wanaitikia litania. Simba. Nyati. Chui. Kufikia pakiti ya ishirini sauti zilikuwa zimepungua, na mimi, nisiyetaka gunia lile liende, nilianza kuomba kiboko asiwemo. Niliomba kwa nguvu kuliko nilivyoomba kanisani asubuhi ile.

Pakiti ya ishirini na saba aliifungua kwa meno. Akatoa picha, akaigeuza. Kisha akainyanyua juu.

Kiboko, kapanua mdomo.

Siwezi kueleza kelele zilizofuata. Wanawake walipiga vigelegele, Fabiani alibebwa juu juu, Zefania mwenyewe alikata utepe mwekundu akampa mkono. Mimi nilibaki mezani. Nilifungua zile tatu zilizobaki kwa mikono yangu: pundamilia, tembo, simba. Nikazipanga zote thelathini, nikahesabu.

"Ngojeni!" nikapiga kelele. "Ni mmoja! Katoni ya pakiti thelathini, kwa nafasi sawa, ilipaswa kuwa na viboko watatu au wanne. Yupo mmoja! Katika pakiti zaidi ya mia tatu za kijiji kizima, mmoja tu, na katoka siku tuliyokuja kuuliza! Amewekwa huyo! Mnanisikia nyie?"

Yule mjane Sikujua alinigusa bega. Alikuwa na huruma na mimi, na hilo ndilo lililoniuma kuliko kuzomewa.

"Madam, ulisema hayumo. Si yumo?"

"Kawekwa, Sikujua."

"Kama kawekwa mmoja, na mwingine anaweza kuwekwa." Alianza kuziokota picha zake kutoka kwenye ungo, akichagua kwa haraka, moja moja ya kila aina. "Mimi nina kumi na tisa. Na ile karatasi yako inasema ishirini na mbili. Zimebaki tatu tu."

Nikamshika mkono. Akautoa taratibu, bila ubaya, akaondoka akikimbia kuelekea kwake. Wengine nao walikuwa wanakimbia. Senta ilibaki karibu tupu kwa muda mfupi, na katika ule muda Zefania alitoa katoni nyingine chumbani, akaipangusa vumbi, akaiweka pale pale palipokuwa na ya kwanza. Alinisogezea kiti. Sikukaa.

"Pampu utaipata wapi nyingine?" nikamuuliza.

"Wakipata wanyama wanane, nitaleta."

Wakaanza kurudi. Walirudi na sado, na ndoo, na viroba, na mpunga wao ulikuwa msafi, umepepetwa, ule ambao mtu hauli hata njaa ikiwa kali. Ulikuwa mpunga wa mbegu, wa kila mmoja wao. Walijipanga mstari bila kuambiwa, mpaka ukapita kona ya mashine ya kusaga. Upande wa Rukwa mbingu ilikuwa nyeusi, na upepo wa mvua ulikuwa umeshaanza kupeperusha karatasi za sabuni barabarani.

Fabiani alikuja akiwa na pampu begani, jasho linamtiririka, uso unang'aa kama siku ya ndoa yake. Agatha alikuwa anatembea nyuma yake.

"Dada, umekasirika bado? Angalia kitu hiki! Kiangazi nalima nyanya mpaka watu wakimbie."

"Mvua inakuja wiki hii, Fabiani. Utapanda nini?"

"Mbegu?" Alicheka, akabadilisha bega. "Mbegu si nitaazima? Tangu lini mtu wa kwetu akakosa kupanda kwa sababu ya mbegu? Unaenda kwa jirani, anakupimia, ukivuna unarudisha. Nitaenda kwa mzee Optatus leo leo. Yule hajawahi kuninyima."

Agatha ndiye aliyemgusa mkono na kumwonyesha. Mzee Optatus alikuwa wa tano kwenye mstari. Alikuwa kashikilia baiskeli yenye magunia mawili, na mwanawe nyuma yake kashikilia nyingine. Alituona, akatupungia kofia kwa furaha.

Fabiani akamtazama mzee. Kisha akautazama mstari, mtu baada ya mtu, jirani baada ya jirani, chombo baada ya chombo, mpaka kwenye kona ya mashine ambako ulipotelea. Nilimwona anatafuta uso mmoja tu wa mtu aliyebaki nyumbani. Akaishusha pampu chini, polepole, na tone la kwanza la mvua likaangukia kwenye mpira wake mpya wa kumwagilia.

"Dada," alisema, "waambie waache."

Nilifungua mdomo. Mtu wa mbele alikuwa ameshamimina mpunga wake.